Kutambua kundi kutokana na vizalishi na masharti yake: kisa cha a³ = b² = (ab)³ = 1

*"Mwalimu, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya hisabati hapa Dodoma. Tulipewa zoezi la kutambua kundi G = ⟨a, b | a³ = 1, b² = 1, (ab)³ = 1⟩. Mimi niliandika kwamba lina memba 6, kwa kuwa 3 × 2 = 6. Mwenzangu aliandika kwamba ni kundi la mzunguko lenye memba 3, kwa kuwa akiweka b = 1 masharti yote yanatimia. Sote tumekosa, na karatasi zimerudi bila maelezo. Je, mtu anafuata njia gani kutambua kundi lililoandikwa namna hii, na anajuaje kwamba amemaliza?"*

Marahaba. G lina memba 12, nalo ni kundi la pamutesheni shufwa za vitu vinne, lile linaloandikwa A₄. Hata hivyo, ukibaki na jibu hilo peke yake, zoezi lijalo litawashinda tena, kwa hiyo nitakwenda polepole, nikianza na mahali ambapo kila mmoja wenu aliteleza, kwa sababu makosa yenu mawili yanakaa pande mbili za jambo moja.

Alama ⟨a, b | …⟩ inatoa maagizo mawili kwa wakati mmoja. Agizo la kwanza linaonekana: chukua maneno yote yanayoweza kuandikwa kwa herufi a na b pamoja na vinyume vyake, kisha uyahesabu kuwa sawa maneno yale ambayo masharti yaliyotajwa yanayalazimisha kuwa sawa. Agizo la pili halijaandikwa, na ndilo linalosahaulika: usihesabu kuwa sawa neno lolote jingine. Usawa ambao hautokani na masharti hayo kwa kufuata kanuni za makundi haumo ndani ya G. Kwa hiyo, miongoni mwa makundi yote yanayozalishwa na a na b na kutimiza masharti, G ndilo kubwa kuliko yote, na hayo mengine yote ni taswira zake. Ukweli huu unaitwa nadharia ya Dyck, kwa jina la Walther von Dyck, aliyeanza kuyaeleza makundi kwa vizalishi na masharti mwaka 1882. Kwa maneno ya kazi unasema hivi: ukipata katika kundi lolote K memba wawili wanaotimiza masharti ya a na b, basi ipo homomofizimu moja tu kutoka G kwenda K inayompeleka a kwa wa kwanza na b kwa wa pili.

Sasa tumtazame mwenzako. Aliweka b = 1 akaona masharti hayavunjiki, na hapo hakukosea. Kosa lake ni kudhani kwamba kitu kisichovunja masharti kinatokana na masharti. Hakuna mstari wowote katika zoezi unaolazimisha b = 1; yeye ndiye aliyeongeza sharti la nne kimyakimya. Alichothibitisha ni kwamba kundi la mzunguko lenye memba 3 ni taswira ya G, na kwa hiyo G lina memba wasiopungua 3 na, kama lina kikomo, idadi yao inagawanyika kwa 3. Hiyo ni habari ya kweli na yenye manufaa, lakini inatupa kikomo cha chini peke yake.

Wewe ulikwenda upande wa pili. Ulidhani kwamba kila neno linaweza kupangwa upya mpaka liwe aⁱbʲ, herufi zote za a zikitangulia na za b zikifuata, na kwa kuwa i ina nafasi tatu na j ina nafasi mbili, ukapata 6. Lakini ili ufanye hivyo unahitaji kanuni ya kuigeuza ba iwe kitu kinachoanza na a na kumalizikia kwa b. Kama sharti la tatu lingekuwa ab = ba, kanuni hiyo ungekuwa nayo, na kundi lingekuwa la mzunguko lenye memba 6. Kama sharti la tatu lingekuwa (ab)² = 1, ungekuwa nayo pia, maana abab = 1 inatoa ba = a²b, na kundi lingekuwa S₃, lenye memba 6 vilevile. Nahisi kwamba ulikuwa unakumbuka mfano huo wa darasani, ambao karibu kila mhadhiri huanza nao. Katika zoezi lako kipeo ni 3, si 2, na kanuni ya kubadilisha ba haipo.

Swali la kujiuliza ni hili: kama kanuni hiyo haipo, masharti yanatupa kanuni gani badala yake? Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Tuandike sharti la tatu kwa kirefu: ababab = 1. Tulitazame kama a · bab · ab = 1, kisha tuziondoe herufi za pembeni. Tunapata bab = a⁻¹ · b⁻¹a⁻¹. Kwa kuwa a³ = 1, kinyume cha a ni a², na kwa kuwa b² = 1, b ni kinyume chake mwenyewe. Hivyo bab = a²ba². Upande wa kushoto una b mbili. Upande wa kulia una moja. Tukichukua vinyume vya pande zote mbili tunapata mwenzake: ba²b = aba. Huku nako b mbili zimekuwa moja.

Kanuni hizi mbili zinatosha. Chukua neno lolote. Kwanza lisafishe kwa a³ = 1 na b² = 1, mpaka pasibaki b mbili zinazogusana wala kipeo cha a kinachozidi 2. Ikiwa bado zimebaki b mbili au zaidi, basi kati ya b mbili zinazofuatana kuna a au a², hakuna uwezekano wa tatu, na kanuni moja kati ya zile mbili inakuruhusu kuzigeuza kuwa b moja. Idadi ya b inapungua kila hatua, kwa hiyo kazi hii haiwezi kuendelea bila mwisho. Kwa mfano, baba²b ni bab · a²b, ambayo ni a²ba² · a²b, yaani a²bab, na tukitumia kanuni ya kwanza tena tunapata a² · a²ba², ambayo ni aba². Kila neno basi huishia katika sura moja kati ya mbili: ama aⁱ isiyo na b hata moja, na hizo ni 3, ama aⁱbaʲ yenye b moja, na hizo ni 3 × 3, yaani 9. Jumla ni 12.

Usiandike bado kwamba G lina memba 12. Tulichokithibitisha ni kwamba halina zaidi ya 12. Huenda kuna usawa uliofichika ndani ya masharti ambao hatujaufikia, na ambao ungefanya sura mbili kati ya zile 12 ziwe memba mmoja. Wanafunzi wengi huishia hapa, na mara nyingi jibu lao huwa sahihi kwa bahati tu. Ninaposahihisha, karatasi yenye nusu hii peke yake naipa nusu ya alama.

Ili kuifunga nusu ya pili tunatafuta mfano halisi, kundi tunaloweza kulishika, ambamo masharti yanatimia na memba 12 wanaonekana kuwa tofauti. Kata kipande cha boksi gumu chenye umbo la pembetatu yenye pande tatu sawa za sentimita 20, chora mistari inayounganisha katikati za pande, kisha kunja kwenye mistari hiyo. Utapata piramidi yenye nyuso nne za pembetatu zilizo sawa. Yape majina manne, 1, 2, 3 na 4, yale maeneo ya mezani ambamo pembe zake zimekaa, si pembe zenyewe. Acha a iwe mzunguko wa digrii 120 kuzunguka pembe iliyoko mahali pa 1, ambao unaihamisha ya 2 kwenda 3, ya 3 kwenda 4 na ya 4 kwenda 2. Acha b iwe mzunguko wa digrii 180 kuzunguka mstari unaopita katikati ya ukingo wa 1 na 2 na katikati ya ukingo wa 3 na 4, ambao unabadilishana 1 na 2, na 3 na 4. Ni wazi kwamba a³ = 1 na b² = 1. Ukifanya a kisha b, iliyoko 1 inakwenda 2, ya 2 inakwenda 4, ya 4 inakwenda 1, na ya 3 inabaki palepale. Ukirudia mara tatu kila kitu kinarudi mahali pake. Kwa hiyo (ab)³ = 1, na masharti yote matatu yametimia.

Je, mizunguko hii inazalisha nafasi ngapi? Kwa kutumia a na b unaweza kuileta pembe yoyote kati ya nne mahali pa 1, na ikishafika hapo unaweza kuizungusha piramidi kwa njia tatu bila kuiondoa. Hizo ni nafasi 4 × 3, yaani 12, na zote ni tofauti. Kwa nadharia ya Dyck, kundi hili ni taswira ya G, hivyo G lina memba wasiopungua 12. Kikomo cha juu ni 12 na kikomo cha chini ni 12. Vimekutana, na hapo ndipo unapojua kwamba umemaliza. Mizunguko ya piramidi hiyo, ikitazamwa kama uhamishaji wa pembe nne, ndiyo pamutesheni shufwa za vitu vinne, na kwa hiyo G ni A₄.

Kuna kipimo kidogo ambacho ningependa mkifanye mwanzoni kabisa mwa kila zoezi la aina hii, kwa sababu kinachukua dakika mbili na huokoa muda mwingi. Jifanye kwamba herufi zote zinabadilishana nafasi, kisha andika masharti kwa kujumlisha: 3a = 0, 2b = 0, 3a + 3b = 0. Ya tatu na ya kwanza zinatoa 3b = 0, na ukiunganisha na 2b = 0 unapata b = 0. Kinachobaki ni kundi la mzunguko lenye memba 3. Mwenzako, bila kujua, alikifanya kipimo hiki barabara na kuyachukua matokeo yake kuwa jibu zima. Hiki kinatoa taswira kubwa kuliko zote miongoni mwa zile ambamo herufi hubadilishana nafasi. Kuna makundi 5 tu yenye memba 12, na A₄ ndilo pekee kati ya hayo ambalo kipimo hiki kinalipa 3. Kwa hiyo, baada ya kujua kwamba G lina memba 12, mngeweza kulitambua hata bila kuiona piramidi.

Mtauliza kanuni zile mbili za bab na ba²b mtazipataje katika zoezi ambalo hazijitokezi kwa urahisi. Mara nyingi hazijitokezi. Kwa ajili hiyo kuna njia ya jedwali iliyochapishwa na Todd na Coxeter mwaka 1936, ambayo haihitaji ujanja, inahitaji uvumilivu. Chagua kundi dogo H unalolifahamu, hapa H = ⟨a⟩, kisha hesabu koseti zake, yaani mafungu ya memba yanayopatikana kwa kumzidisha kila memba wa H upande wa kulia na memba fulani wa G. Koseti unazipa namba tu, bila kujali ndani kuna nini. Namba 1 ni H yenyewe, na kwa kuwa a imo ndani ya H, koseti 1 ikizidishwa na a inabaki 1.

Tuijaze. Hatujui 1 ikizidishwa na b inakwenda wapi, basi tunaipa jina jipya: 2. Kwa kuwa b² = 1, koseti 2 ikizidishwa na b inarudi 1. Sasa tunatembea juu ya neno ababab tukianzia 1, kwa sababu safari hiyo lazima irudi 1. Kwa a tunabaki 1, kwa b tunafika 2, kwa a hatujui, basi tunaita 3. Kutoka 3 kwa b tunafika mahali fulani pasipojulikana, na kutoka hapo kwa a lazima tufike 2, kwa maana b ya mwisho lazima iturudishe 1, na inayofika 1 kwa b ni 2 peke yake. Tembea pia juu ya aaa ukianzia 2: kwa a unafika 3, kwa a tena unafika mahali tunapopaita 4, na kwa a ya tatu lazima urudi 2. Hivyo 4 ndiyo inayokwenda 2 kwa a, na kwa kuwa ni koseti moja tu inayoweza kwenda 2 kwa a, pale mahali pasipojulikana katika safari ya kwanza ni 4. Kwa hiyo 3 ikizidishwa na b ni 4, na kinyume chake. Jedwali limejaa:

```
      a   b
1     1   2
2     3   1
3     4   4
4     2   3
```

Kabla ya kulitangaza, pitisha kila sharti kwenye kila safu. Kutoka 2, neno ababab linakupeleka 3, 4, 2, 1, 1, kisha 2. Kutoka 4 linakupeleka 2, 1, 1, 2, 3, kisha 4. Kutoka 3 linakuzungusha kati ya 4 na 3 na kukuacha 3. Yote yanafungana. Kuna koseti 4, na H lina memba wasiozidi 3, hivyo G lina memba wasiozidi 12. Uzuri wa jedwali ni kwamba linakupa na nusu ya pili bila gharama: soma safu wima ya a na utaona pamutesheni inayozungusha 2, 3, 4, soma ya b na utaona inayobadilishana 1 na 2, na 3 na 4. Ni ile piramidi yetu, imejitokeza bila sisi kuitafuta. Kwa kuwa a hapo ina oda 3 kamili, H lina memba 3 kamili, na hesabu ya 12 inakuwa kamili.

Kitu kinachowaangusha wengi katika njia hii ni mgongano. Wakati mwingine unagundua kwamba koseti uliyoiita 5 na ile uliyoiita 3 ni moja. Hapo lazima uziunganishe katika jedwali zima, si katika safu ile tu uliyokuwa ukiitazama, kwa sababu kila kilichofahamika kuhusu 5 sasa ni habari ya 3, na huenda muungano huo ukazaa mwingine. Mwanafunzi anayesahau hatua hiyo huishia na koseti nyingi kuliko zinazostahili, na atajua amekosea atakapoona safu mbili tofauti zikifika mahali pamoja kwa herufi ileile.

Niwaonyeshe sasa jinsi kipeo kimoja kinavyobadilisha kila kitu, maana hapa ndipo kundi lenu linapopendeza. Weka n mahali pa 3 katika sharti la tatu, yaani a³ = b² = (ab)ⁿ = 1. Kwa n = 2 unapata S₃ lenye memba 6; kwa n = 3, A₄ lenye 12; kwa n = 4, S₄ lenye 24; kwa n = 5, A₅ lenye 60. Idadi inafuata 12n/(6 − n), na fomula hiyo yenyewe inakuonya kwamba kuna jambo linatokea kwenye n = 6. Kipimo cha kujumlisha kikitumiwa kwa n = 5 kinatoa kundi lenye memba mmoja tu. Mtu anayekiamini kupita kiasi angesema G halina kitu, na kumbe lina memba 60. Kipimo hicho kikitoa kitu, kina uhakika. Kisipotoa kitu, hakijasema lolote.

Kwa n = 6 kundi halina kikomo, na kulithibitisha hilo kunahitaji mfano mmoja tu. Chukua namba changamano z na uweke ω kuwa namba ambayo ω³ = 1 lakini ω si 1. Acha a iipeleke z kwenye ωz, na b iipeleke z kwenye 1 − z. Ya kwanza ni mzunguko wa digrii 120, ya pili ni wa digrii 180. Ukifanya b kisha a unapata ω − ωz, ambayo ni mzunguko wa digrii 60, na ukirudiwa mara sita unarudi ulipoanza. (Ukianza na a badala yake, mpangilio unabadilika lakini oda inabaki 6.) Masharti yametimia. Sasa fanya b, kisha kinyume cha a, kisha b, kisha a, na utaona z imekuwa z + ω − 1. Huo si mzunguko tena, ni usogezaji, na ukiurudia mara mia au mara elfu z inazidi kusogea bila kurudi. Taswira haina kikomo, basi G nalo halina. Katika hali kama hii, jedwali la koseti juu ya H = ⟨a⟩ lingeendelea kuongezeka bila kufungana, na lisingekuambia kwamba halitafungana kamwe.

Upande wa pili wa hatari ni kundi linaloporomoka. Tazama ⟨a, b | aba⁻¹ = b², bab⁻¹ = a²⟩. Linaonekana kubwa, na hakuna kipeo kilichowekewa mpaka. Lakini sharti la kwanza ni ab = b²a, na la pili ni ba = a²b. Basi ab = b · ba = b · a²b, na ukiondoa b ya mwisho pande zote unapata a = ba², yaani ba = 1. Hivyo b ni kinyume cha a, wanabadilishana nafasi, sharti la kwanza linakuwa b = b², na b = 1, na a pia ni 1. Kundi zima ni memba mmoja. Ukiandika masharti ya namna hiyohiyo kwa herufi nne zinazofuatana kwa duara, mambo yanageuka kabisa: Graham Higman alionyesha mwaka 1951 kwamba kundi hilo halina kikomo, na juu ya hayo halina taswira yoyote yenye kikomo isipokuwa ile ya memba mmoja. Ukilitafutia mifano midogo ya pamutesheni utatafuta mpaka kesho.

Kwa hiyo jibu la kweli kwa swali lako la mwisho lina mipaka. Adian mwaka 1955 na Rabin mwaka 1958 walithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kupewa wasilisho lolote lenye herufi na masharti ya idadi yenye kikomo na kila mara ukasema kama kundi lake ni la memba mmoja au la. Kwa mazoezi ya mwaka wa pili jambo hili halikuzuii, kwa kuwa mwalimu amechagua kundi analolijua. Linakuambia tu kwamba ukikwama si lazima iwe ni uzembe wako.

Kama chuoni kwenu kuna kompyuta yenye programu ya GAP, ambayo ni ya bure, hakiki kazi yako hivi baada ya kuifanya kwa mkono:

```
F := FreeGroup("a", "b");
a := F.1;; b := F.2;;
G := F / [ a^3, b^2, (a*b)^3 ];
AbelianInvariants(G);
Size(G);
StructureDescription(G);
```

Itajibu `[ 3 ]`, kisha `12`, kisha `"A4"`. Ukibadilisha kipeo kuwa 6, usitegemee kwamba `Size(G)` itakupa jibu haraka; hesabu ya koseti ikizidi 4096000 GAP husimama na kukuuliza kama iendelee. Badala yake uliza `AbelianInvariants(DerivedSubgroup(G));` nayo itatoa `[ 0, 0 ]`, ambapo kila sifuri ni dalili ya kundi la mzunguko lisilo na kikomo lililomo ndani.

Mwende kwa mhadhiri wenu ana kwa ana katika hali mbili. Ya kwanza ni pale kikomo chenu cha juu na cha chini vinapokataa kukutana baada ya kuvijaribu kwa dhati: ama kuna usawa uliowaponyoka, ama mfano wenu ni mdogo mno, na mtu aliyezoea huliona hilo kwa kuangalia karatasi kuliko kwa kusimuliwa. Ya pili ni pale jedwali linapopita koseti 30 hivi bila dalili ya kufungana. Pengine mmechagua H dogo mno, na kubadilisha H ni uamuzi unaojadiliwa vizuri mbele ya ubao. Nendeni na jedwali lenyewe pamoja na migongano yote mliyoiunganisha, kwa mpangilio mliozipata, si jibu la mwisho tu. Tena mwombeni kwa heshima aweke maelezo mafupi kwenye karatasi zilizorudi, kwa kuwa kila mmoja wenu alistahili kuambiwa ni nusu ipi aliyoipata.

Kabla ya hapo jaribuni n = 4 kwa H = ⟨a⟩, kila mmoja peke yake bila kutazama kwa mwenzake. Jedwali linapaswa kufungana kwenye koseti 8. Mkipata zaidi, kuna mgongano ambao hamkuuunganisha. Mkipata pungufu, mmeunganisha mbili zisizokuwa moja, na aghalabu kosa hilo huwa limetokea mlipotembea neno abababab kurudi nyuma kutoka mwisho wake.